Beseni la Utomvu

Beseni lilikuwa safi. Hilo ndilo lililomsimamisha Mizani mlangoni kabla hajaweka begi chini.

Lilikuwa beseni jeupe la plastiki lenye kazi moja tu katika karakana ile ndogo nyuma ya nyumba: kupokea utomvu wa mshubiri. Majani yakishakatwa shinani, yalisimamishwa wima ndani ya kreti juu ya beseni, upande uliokatwa ukiangalia chini, na utomvu wa njano unaokaa chini tu ya ganda ulidondoka humo mpaka ukaisha. Baada ya hapo ulimwagwa shimoni. Ulipokauka uligeuka kahawia, halafu ukawa kama damu kuukuu, na hakuna aliyehangaika kuusugua, kwa maana hakuna anayesugua ndoo ya taka mpaka ing'ae. Sasa beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani, likimetameta kama sahani ya kumwandalia mgeni.

"Nani amelisugua beseni la utomvu?" aliuliza.

"Karibu kwanza, wifi! Mtu hajasalimia, hajauliza watu mmeamkaje, ameshaanza kukagua vyombo." Wifi yake alitokea jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. "Mama anaendeleaje na jicho?"

"Jicho limepona, anasoma hata maandishi madogo. Anawasalimu. Nani amelisugua?"

"Mimi. Nimeona linatia aibu."

Nyumba nzima ilimwita Mizani, jina alilopewa na baba mkwe wake wiki ya kwanza ya ndoa alipomkuta akipima chumvi ya mchuzi. Lilimkaa. Alitengeneza kinywaji cha mshubiri na jeli ya kupaka ngozi, akaviuza madukani, na hakuna kilichotoka karakana yake bila kupimwa, kuonjwa na kuandikiwa tarehe. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na jina lake pia. Miaka yote ya ujana wake alikuwa akikuna nazi na kukamua tui sokoni, kwa hiyo watu walimwita Mama Tui, naye aliitika bila kinyongo. Alihamia kwao baada ya kuachana na biashara hiyo kwa sababu ya mabega, na Mizani alipokwenda kumuuguza mama yake aliyepasuliwa jicho, ndiye aliyeachiwa karakana.

"Baba yuko wapi?"

Mama Tui aliendelea kujifuta mikono iliyokwisha kukauka. "Amelala. Tumbo lilimsumbua, ila sasa limetulia."

Mizani alikuwa ameolewa muda wa kutosha kujua kwamba baba mkwe wake halali mchana. Alikuwa fundi saa mstaafu, na kustaafu kwake maana yake ilikuwa kuhamisha meza ya kazi kutoka dukani hadi dirishani mwa chumba chake. Kutwa nzima utamkuta ameinama, lenzi jichoni, akizitukana kwa upole saa za majirani.

Meza ilikuwa tupu. Mzee alikuwa kitandani, ameegemea mito, midomo imemkauka, macho yameingia ndani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mizani. Umerudi kunipima?"

"Nimerudi kukusalimu. Unajisikiaje?"

"Kama saa iliyoanguka majini." Alijaribu kucheka, akaacha. "Miguu inakaza. Vigimbi vinajikunja vyenyewe usiku. Chakula sikitaki, hata harufu yake. Na hiyo taa mmeibadilisha lini?"

Mizani alitazama juu. Taa ilikuwa ile ile.

"Ina duara la njano," alisema mzee. "Kila kitu kina njano kidogo pembeni. Halafu sikiliza hapa." Alimpa kifundo cha mkono wake, na kwa mkono wa pili akashika saa yake ya zamani kama alivyofanya maishani mwake mote. "Inaruka. Inapiga, inapiga, inasahau. Halafu inajikumbusha. Ingekuwa saa ya mteja ningeifungua."

Mizani alishika. Mapigo yalikuwa ya polepole, na kweli yaliruka. Akatazama juu ya kabati, mahali zilipokaa dawa za mzee: kidonge cha kupunguza maji mwilini, ambacho kilimzuia asivimbe miguu, na kile kidogo cha moyo, digoksini, ambacho daktari alisema kimezwe kama kilivyoandikwa, pasipo kuongeza wala kupunguza. Kando yake kulikuwa na chupa ya kinywaji cha mshubiri. Chupa yake yeye. Glasi ndogo kila siku, kwa sababu mzee alisema kinampoza kifua.

Hapo ndipo hofu ilipomshika, na haikuwa hofu ya jumla. Ilikuwa na umbo na lebo. Kinywaji hiki kilitengenezwa wakati yeye hayupo. Kama majani hayakuachwa yadondoke, kama ganda lilikatwa jembamba, kama jeli ya ndani ya jani haikuoshwa, basi utomvu umo ndani ya chupa, na amemlisha baba mkwe wake sumu kwa glasi, yenye jina lake juu.

"Amka, Baba. Tunakwenda kituo cha afya."

"Kwa tumbo tu?"

"Kwa saa inayoruka."

Jirani mwenye gari dogo aliwachukua. Mizani alikaa nyuma na mzee. Mbele, Mama Tui alishika mkoba mapajani na hakutia wala hakutoa neno, jambo ambalo kwa Mama Tui lilikuwa dalili ya ugonjwa kuliko dalili zote. Kabla ya kutoka Mizani alikuwa ameichukua ile chupa. Akaifungua njiani, akamimina tone kwenye kidole, akaonja. Alionja tena. Maji, utelezi kidogo, harufu ya jani bichi. Uchungu haukuwepo.

Utomvu wa mshubiri haujifichi. Ukiwa kidogo tu, ulimi unajua na koo linajua. Mizani alitaka kufarijika, lakini akajizuia. Mtu aliyezoea kupima haridhiki na kipimo kimoja.

Kituo kilikuwa na chumba cha dharura chenye vitanda viwili na daktari mmoja, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakupoteza muda. Aliagiza mzee alazwe chali, akabandikwa waya kifuani, na mashine ikaanza kuandika mawimbi ya moyo wake kwenye karatasi. Muuguzi alichukua damu. Daktari aliitazama karatasi, akaitazama tena, akavuta kiti.

"Babu, unatumia digoksini?"

"Kidonge kimoja, kama nilivyoandikiwa. Sijawahi kuzidisha. Mimi ni fundi saa, daktari, sichezei vitu vidogo."

"Na cha kupunguza maji?"

"Hicho pia."

"Umeharisha?"

Mzee alitazama dari. "Tumbo lilifunguka."

"Limefunguka au limekimbia?"

"Daktari, kuna wanawake hapa."

"Na mimi ni mmoja wao. Limekimbia?"

"Limekimbia," alikiri mzee. "Mbio za farasi. Tangu juzi."

"Umekunywa dawa yoyote ya kienyeji? Majani, mizizi, kitu chochote cha kulainisha choo?"

"Hapana," alisema mzee, haraka mno.

Mizani aliona macho ya mzee yakienda kwa binti yake na kurudi. Yeye mwenyewe akaweka chupa mezani. "Anakunywa hiki, daktari. Mshubiri. Ninatengeneza mwenyewe."

Daktari aliishika chupa kwa namna watu wanavyoshika kitu walichokuwa wanakitafuta. "Jani zima?"

"Hapana. Jeli ya ndani tu. Jani linasimamishwa lidondoke, ganda linakatwa nene pamoja na nyama iliyo karibu nalo, jeli inaoshwa mpaka maji yawe meupe. Nimeonja sasa hivi, haina uchungu. Lakini chupa hii sikuitengeneza mimi." Akageuka. "Wifi, naomba uniambie ukweli, sikulaumu. Majani uliyaacha yakadondoka?"

"Niliyaacha!" Mama Tui alinyanyuka nusu kutoka kitini. "Wallahi niliyaacha. Unafikiri mimi sijui kazi? Nilichuja vizuri, tena kwa kitambaa. Hata tone halikupotea."

Mizani aliacha kuitazama chupa.

"Halikupotea kutoka wapi?" aliuliza Mizani.

"Kutoka kwenye beseni."

Beseni safi. Beseni lililosuguliwa kama chombo cha chakula. Kitambaa cha kuchujia. Mtu hachuji kwa kitambaa kitu anachokwenda kukimwaga shimoni, na hahesabu matone ya uchafu.

"Wifi," alisema Mizani taratibu, "utomvu uliuweka wapi?"

Mama Tui alikaa. Mkoba ulimteleza mapajani na hakuuokota. "Kwenye chupa ya asali. Kwenye friji, nyuma." Akamtazama baba yake, na baba yake akafumba macho kama mtu aliyeshindwa kesi. "Alikuwa hapati choo. Aliniambia mimi peke yangu, akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe, kwamba utampima. Sasa mimi nikaangalia yale maji ya njano unavyoyamwaga kila siku, moyo ukaniuma. Kwenye nazi, wifi, tui la kwanza ndilo tui. La pili ni la kuongezea maji tu. Nikasema huyu wifi yangu anamwaga tui zito, anawauzia watu lile jepesi! Nikaonja, chungu. Nikasema basi ndiyo dawa yenyewe. Nikachanganya na asali, nikampa kijiko. Asubuhi na jioni."

"Na nilipata choo," alisema mzee bila kufumbua macho. "Msimlaumu. Siku ya kwanza niliimba."

Daktari hakucheka, lakini mabega yake yalishuka, na Mizani aliyaona. Daktari alikuwa ameshampata adui. Alitoa maagizo kwa muuguzi, maneno mafupi mafupi: digoksini isimamishwe, kidonge cha maji kisimamishwe, majibu ya potasiamu na ya figo yaharakishwe, waya wa kifuani usiondolewe. Kisha akamgeukia Mama Tui, ambaye tayari alikuwa ameanza kulia bila sauti.

"Usilie bado. Umenisaidia kuliko unavyodhani. Sasa nisikilize. Jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti kabisa, na havifuatani kama tui la kwanza na la pili. Katikati kuna jeli, ambayo karibu yote ni maji. Chini ya ganda kuna utomvu. Huo una kemikali zinazouchokoza utumbo mpana, zinaukaza na kuufanya umwage maji. Ndiyo maana tumbo linauma na choo kinakuwa maji. Na maji hayo hayatoki peke yake, yanatoka na madini. Moja ni potasiamu."

"Ile ya kwenye ndizi," alisema Mizani.

"Hiyo. Misuli inaihitaji, ndiyo maana miguu imekaza. Moyo nao ni msuli. Kidonge cha kupunguza maji pia kinaitoa potasiamu, kwa hiyo babu alikuwa anaipoteza kwa milango miwili. Sasa digoksini: potasiamu ikishuka, kidonge kile kile, kipimo kile kile, kinaushika moyo kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Unapiga polepole, unaruka. Hamu ya chakula inakwisha. Wengine wanaona njano."

"Taa," alisema mzee, akafumbua macho. "Nilisema ile taa!"

"Kwa hiyo nimempa baba yangu sumu," alisema Mama Tui.

"Umempa dawa kali ya kuharisha juu ya dawa mbili zisizopatana nayo. Kwa mtu mwingine ingeweza kuishia kwenye tumbo la kusokota. Ikitumika kwa wingi au kwa muda mrefu inaweza kuharibu hata figo, na mjamzito hapaswi kuigusa. Babu, hukuzidisha kidonge. Hilo nakuamini."

"Ahsante," alisema mzee, kwa fahari isiyolingana na hali yake.

Kilichobaki kilikuwa kusubiri damu. Mizani aliketi akitazama mstari kwenye mashine. Alijua kwamba kutazama hakubadilishi chochote, na aliendelea kutazama. Mstari ulipanda, ukashuka, ukanyooka mahali usipopaswa kunyooka, ukapanda tena. Kila uliponyooka, Mama Tui aliminya mkono wake, na hakuna aliyesema neno kuhusu nani alimshika mwenzake kwanza.

Karatasi ya maabara ilipofika daktari aliisoma akiwa amesimama.

"Figo zake ziko salama," alisema. "Potasiamu imeshuka, kama nilivyofikiri, lakini haijafika pabaya kabisa. Tutairudisha polepole kwa dripu, kwa sababu ikirudishwa kwa pupa nayo ni hatari. Atalala hapa, mashine ikimtazama. Mmemleta mapema. Angekunywa vijiko vingine vya jioni na vidonge vya asubuhi, tungekuwa na mazungumzo mengine."

Mama Tui alitoa pumzi ndefu, ikaishia kwenye kicheko na kilio kwa pamoja, akajifunika uso kwa kanga. Mizani aliichukua ile chupa ya kinywaji chake pale mezani.

"Na hii?" aliuliza, akaiinua.

"Hiyo sijaona kosa lake. Ila nitakuwa mkweli na wewe: jeli iliyooshwa vizuri haimdhuru mtu mzima mwenye afya, lakini faida zake kwa mnywaji ni ndogo kuliko maneno ya wauzaji. Kwa mtu mwenye dawa za moyo, aulize kwanza. Na uoshaji ukiteleza siku moja, utomvu unaingia."

"Kwenye lebo nimeandika kiburudisho," alisema Mizani. "Sikuandika tiba."

"Basi ongeza mstari kuhusu dawa za moyo, mimba na vidonge vya kupunguza maji mwilini."

"Kesho."

"Mnaona?" alisema mzee kutoka kitandani. "Wamepatana. Mimi nina waya kifuani, wao wanaandika lebo."

Kesho yake asubuhi walimkuta ameketi, bakuli la uji mikononi, akilalamika kwamba ni baridi. Anayelalamikia uji ni mtu mwenye hamu ya chakula. Mstari kwenye mashine ulikuwa umetulia. Ulipanda na kushuka bila kusahau. Daktari alisema dripu imefanya kazi, kipimo cha pili cha damu ni kizuri, na kwamba vidonge vya moyo vitaanzishwa upya siku atakayosema yeye, si kabla. Kuhusu choo alimwandikia mzee dawa laini na kumwamuru aseme shida yake kwa sauti inayosikika.

"Kwa nani?" aliuliza mzee.

"Kwangu. Au kwa Mizani hapa."

"Atanipima."

"Nitakupima," alisema Mizani. "Na nitakupa papai."

Walipokuwa wakimsubiri avae, Mama Tui alimvuta wifi yake pembeni ya mlango. "Nikuambie kitu? Jana kwenye gari niliona unaonja ile chupa. Nikajua unafikiri ni wewe. Nikanyamaza. Nilinyamaza, wifi."

"Ulikuwa umeapishwa."

"Hicho si kisingizio."

"Hapana, si kisingizio," alikubali Mizani, kwa sababu ilikuwa kweli. "Lakini ulipoulizwa ulisema. Na mimi nina kosa langu. Nilikuonyesha jinsi ya kumwaga utomvu. Sikukuambia kwa nini unamwagwa. Nilidhani uchungu unatosha kueleza."

"Uchungu ndio ulionidanganya! Mimi nimelelewa kwamba dawa isiyo chungu ni sharubati."

Hapo Mizani alicheka, mara ya kwanza tangu ashuke na begi lake, na kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka muuguzi akachungulia.

Nyumbani Mama Tui alikwenda moja kwa moja kwenye friji. Alitoa chupa ya asali, akaitazama ile rangi yake nzito iliyokwisha kuwa ya kahawia, akaenda nayo hadi shimoni na kuipindua. Alisubiri mpaka ikaisha. Chupa yenyewe akaitupa pia. Mizani alitaka kusema inaoshika, akanyamaza.

Baada ya chakula karakana ilifunguliwa. Majani mapya yalikuwa yamekatwa na Mama Tui mwenyewe. Aliyapanga ndani ya kreti, moja moja, midomo chini, juu ya beseni jeupe. Utomvu ukaanza kudondoka. Mzee alikuwa amesogeza kiti chake mlangoni, saa mkononi, kidole kwenye kifundo cha mkono wake.

"Inasemaje?" aliuliza Mizani.

"Inakwenda. Haijaruka hata mara moja tangu tufike." Akasikiliza zaidi, akaridhika, akaivaa saa. "Ingekuwa saa ya mteja ningeirudisha bila kuifungua."

Majani yalipokwisha kudondoka, Mama Tui hakungoja kuambiwa. Alibeba beseni hadi shimoni, akamwaga, akalisuuza mara moja kwa maji na kuliacha liwe na doa lake. Akarudi, akakata ganda nene, akatoa kipande cha jeli kinachopitisha mwanga kama kioo, akakiosha, akakiosha tena, akachovya kidole na kuonja. Alifumba macho kama mtu anayesikiliza.

"Hakuna kitu," alisema. Akampa Mizani kijiko.

Mizani alionja. Maji, utelezi, jani bichi.

"Hakuna kitu," alikubali.

"Na mimi je?" aliuliza mzee kutoka mlangoni. "Kifua changu hakipozwi leo?"

Wanawake wawili walimgeukia kwa pamoja.

"Wewe," alisema Mama Tui, "utakunywa maji."